Duka la mtandaoni liliahidi kurudisha pesa, mbona haijaingia? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanunuzi wa Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini

Nimefanya kazi kwenye dawati la malipo la duka linalouza kwa mtandao, upande ule ambao meseji za wateja zinafika. Maswali haya ni yale ambayo watu wa huku wananiuliza zaidi: wa Uyole, wa Mwanjelwa, wa Mafinga, hadi wa Njombe na Tunduma. Wote wana shida moja. Bidhaa wamesharudisha, duka limekubali kwa maandishi kwamba pesa itarudi, siku zimepita, na kwenye simu au benki hakuna kitu. Nimejibu kwa kirefu pale ambapo watu hukwama kweli, na kwa kifupi pale ambapo jibu ni jepesi.

Duka limeniandikia "marejesho yako yameidhinishwa". Kama wameidhinisha, mbona pesa haipo?

Kwa sababu kuidhinisha na kutuma hufanywa na watu tofauti, siku tofauti. Mzigo ukifika ghalani kwao, kuna mtu anaufungua na kuukagua. Akiridhika, anabonyeza kwamba marejesho yamekubaliwa, na mfumo unakutumia meseji hapohapo. Wewe unaisoma ukidhani pesa iko njiani. Lakini wakati huo jina lako limeingia tu kwenye orodha inayokwenda kwa wahasibu, na wahasibu wengi hawalipi mmojammoja. Wanakusanya orodha na kulipa kwa mafungu, pengine mara moja au mbili kwa wiki. Baada ya hapo ndipo pesa inaondoka dukani kwenda kwenye mtandao wa simu au benki.

Kwa hiyo pesa yako inaweza kuwa mahali patatu: bado iko dukani ikisubiri mhasibu, imeshatoka dukani lakini haijafika kwako, au imeshafika kwako na hujaiona. Kila mahali pana mtu wake wa kuulizwa. Kazi ya meseji yako ni kujua iko mahali gani kati ya hapo, na ndiyo maana swali la "mtanirudishia lini?" halisaidii sana. Atakayekujibu kwenye huduma kwa wateja mara nyingi haoni akaunti ya fedha ya duka. Anaona hali ya oda yako tu, na atakujibu kwa kile anachokiona.

Wameahidi siku 7 za kazi. Zinahesabiwaje?

Anza kuhesabu siku ya kazi inayofuata baada ya wao kuthibitisha kwamba mzigo umefika na umekubaliwa. Siku uliyoukabidhi stendi haihesabiwi. Jumamosi na Jumapili ruka, isipokuwa duka limeandika kwamba hata Jumamosi wanalipa. Sikukuu za kitaifa pia ruka.

Chukua mfano ulio karibu na watu wa Mbeya. Duka lilithibitisha Ijumaa, tarehe 1 Agosti 2025. Siku ya kwanza ni Jumatatu tarehe 4, ya nne ni Alhamisi tarehe 7. Ijumaa tarehe 8 ni Nane Nane, ofisi zimefungwa, haimo. Siku ya tano ni Jumatatu tarehe 11, na ya saba inaangukia Jumatano tarehe 13. Mteja aliyehesabu siku saba za kalenda ataanza kulalamika tarehe 8, na duka litamjibu kwamba muda haujafika. Litakuwa sahihi, na malalamiko yake ya kwanza yatakuwa yamefungwa bila kufanyiwa kazi. Subiri muda uishe kweli, kisha andika asubuhi inayofuata.

Kabla sijawaandikia, niangalie wapi?

Hapa naomba utulie, maana pesa nyingi ninazotafutiwa huwa zimeshaingia.

Kwanza, jiulize ni laini gani iliyolipa. Marejesho ya M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au Halopesa kwa kawaida hurudi kwenye namba iliyofanya malipo, hata kama oda imeandikwa jina lako na namba yako ya kupokelea mzigo. Huku kwetu mtu ana laini mbili au tatu, na mara nyingi analipa kwa laini ya mume, ya mtoto au ya mwenzake wa dukani kwa sababu yake haikuwa na salio. Baada ya wiki tatu amesahau. Itafute ile meseji ya malipo ya mwanzo, uone iko kwenye simu ya nani.

Pili, usitegemee meseji peke yake. Simu iliyojaa haipokei, na simu ya kitochi iliyozimwa na kuwekwa kabatini haitakuambia kitu. Ingia kwenye menyu ya mtandao wako (*150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa Halopesa), nenda sehemu ya akaunti yako, uombe taarifa ya miamala. Usiangalie salio tu. Salio linakuambia kilichobaki, halikuambii kilichoingia.

Hilo la salio lina sababu kubwa kwa wanaotumia Songesha au mkopo mwingine wa aina hiyo kwenye simu. Ukiwa na deni la Songesha, pesa yoyote inayoingia inakatwa kwanza kulipa deni. Marejesho yanaingia, yanakatwa papo hapo, na ukiangalia salio unaona kiasi usichokitegemea au huoni kitu kabisa. Duka hapo halina kosa na haliwezi kukusaidia. Taarifa ya miamala itaonyesha mistari miwili, mmoja wa kuingia na mmoja wa makato.

Tatu, fungua akaunti yako kwenye programu ya duka lenyewe. Baadhi ya maduka hurudisha pesa kwenye pochi ya ndani ya programu, au hutoa vocha ya kununulia kitu kingine, isipokuwa uchague vinginevyo wakati wa kujaza fomu ya kurudisha bidhaa. Kama ukikuta pesa humo na hukuchagua iende humo, waandikie kwamba unataka irudi kwa njia uliyolipia. Usinunue kitu kwa pesa hiyo kabla hawajajibu. Ukiitumia hata kidogo, watasema umekubali.

Nimeangalia kote, haipo. Meseji niiandikeje?

Nitaeleza kwa kisa kimoja, kwa sababu kina karibu kila kitu.

Dada mmoja wa Uyole alinunua blenda kwenye duka la mtandaoni la Dar es Salaam. Bei ya blenda ilikuwa shilingi 180,000 na usafirishaji 9,000, jumla 189,000. Ilifika na jagi lililopasuka. Alipiga picha, duka likakubali airudishe, akaituma kwa basi kutoka stendi ya Nane Nane. Ijumaa tarehe 1 Agosti duka likamwandikia: "Tumepokea blenda. Utarejeshewa fedha zako ndani ya siku 7 za kazi." Tarehe 13 ikapita. Akaandika hivi:

"Jamani pesa yangu mbona hamrudishi? Nimesubiri sana, naona mnanizungusha tu."

Akajibiwa: "Samahani kwa usumbufu, suala lako linashughulikiwa." Basi. Hasira yake ilikuwa ya haki kabisa. Lakini hebu kaa kwenye kiti cha yule aliyeipokea. Hajui oda ipi, hajui kiasi gani, hajui ililipwa kwa namba ipi. Ili aipeleke kwa mhasibu inabidi kwanza amuulize maswali manne, na ana meseji nyingine zinamsubiri. Jibu la "linashughulikiwa" ndilo linalomchukua muda mfupi zaidi.

Tulikaa tukaandika nyingine:

"Habari za kazi. Naomba ufuatiliaji wa marejesho ya oda namba 48213.

Bidhaa: blenda, ilifika jagi limepasuka. Mliithibitisha kuwa mmeipokea Ijumaa tarehe 1 Agosti 2025 na mkaahidi kurejesha fedha ndani ya siku 7 za kazi. Muda huo umeisha jana, Jumatano tarehe 13 Agosti.

Nililipa shilingi 189,000 kwa M-Pesa. Namba ya muamala wa malipo na picha ya meseji yenu ya tarehe 1 nimeambatanisha. Laini iliyolipa inaishia 626 na imesajiliwa kwa jina la mume wangu.

Naomba mniambie mambo mawili. Je, fedha imeshatumwa? Kama imetumwa, naomba tarehe, kiasi, namba iliyotumiwa na namba ya muamala wa marejesho. Kama haijatumwa, naomba tarehe ambayo itatumwa.

Naomba jibu kabla ya Jumatatu tarehe 18 Agosti, saa kumi jioni. Asanteni."

Meseji hii haina neno la ukali, na bado haimwachii mtu nafasi ya kukwepa. Namba ya oda iko mstari wa kwanza, kwa sababu ndiyo kitu cha kwanza anachoandika kwenye mfumo wake. Ahadi yao imetajwa kwa tarehe yao wenyewe, pamoja na picha. Maswali ni mawili tu, na yote yanajibika kwa mtu aliyeko kazini. Tena imeandikwa kwa namna ambayo huduma kwa wateja wanaweza kuituma moja kwa moja kwa mhasibu bila kuongeza neno.

Ile sehemu ya kutaja mume ndiyo iliyofungua mambo. Alipokuwa anatafuta namba ya muamala ndipo alipokumbuka kwamba hakulipa kwa laini yake.

Duka likajibu nini?

Lilijibu kesho yake. Shilingi 180,000 zilitumwa Jumanne tarehe 12 Agosti, ndani ya muda walioahidi, kwenye laini inayoishia 626, na namba ya muamala wakaiweka. Mume alikuwa safarini Tunduma na simu nyingine. Ile laini ilikuwa kwenye kitochi kilichozimwa nyumbani. Walipoiwasha, meseji ikaingia. Salio halikuwa 180,000, lilikuwa 136,500. Taarifa ya miamala ikaonyesha kwamba 43,500 zilikatwa dakika hiyohiyo kulipa Songesha aliyokuwa amekopa kwa laini hiyo kabla ya kusafiri. Kwa hiyo upande wa blenda duka lilikuwa limemaliza, na yaliyobaki yalikuwa mazungumzo ya mke na mume.

Ila zile 9,000 za usafirishaji hazikurudi, na hapo dada alikuwa bado na hoja. Nitaieleza chini.

Kwa nini unasisitiza namba ya muamala wa marejesho?

Kwa sababu haiwezi kuwepo kama pesa haijatumwa. Mtu anaweza kuandika "tumeshatuma" kwa kukisia, au kwa kuona tu kwamba oda imeidhinishwa. Lakini namba ya muamala inatolewa na mtandao wa simu au benki baada ya pesa kuondoka kweli. Kwenye M-Pesa ni yale maandishi ya herufi na tarakimu yanayoanza kwenye meseji ya uthibitisho. Duka likikupa, suala limetoka kwao na sasa una kitu cha kupeleka kwa mtandao wako. Likishindwa kukupa baada ya kuombwa waziwazi, chukulia kwamba pesa bado iko dukani, hata kama wanasema vinginevyo.

Angalia pia kwamba ni namba ya marejesho. Wakati mwingine mtu wa huduma kwa wateja, kwa haraka, hunakili namba ya malipo yako ya mwanzo na kukutumia wewe mwenyewe. Linganisha na meseji yako ya zamani. Zikifanana, hujajibiwa.

Wamenipa namba ya muamala na bado sioni pesa. Nimpigie nani?

Piga 100 kwa mtandao wa laini iliyopokea, ukiwa na laini hiyo mkononi, kwa sababu watakuhakiki kama mwenye laini. Ikiwa imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, yeye ndiye apige. Wasomee namba ya muamala, kiasi na tarehe. Watakuambia kama iliingia, kama ilikataliwa na kurudi kwa duka, au kama namba hiyo haipo kwao. Majibu mawili ya mwisho yanakurudisha dukani, sasa ukiwa na maneno ya kusema: "Mtandao umesema muamala huu ulirudishwa kwenu tarehe fulani." Andika jina la aliyekuhudumia na saa, au namba ya malalamiko ukipewa.

Kitu kimoja watu wa simu hawawezi kukufanyia: kuivuta pesa kutoka akaunti ya duka bila duka kukubali. Huduma ya kurudisha muamala ipo kwa aliyekosea namba, na hata hapo ina masharti yake. Haipo kwa ajili ya kutoelewana na muuzaji.

Nililipa taslimu mzigo ulipofika. Wanarudishaje?

Hapo hakuna laini iliyolipa, kwa hiyo inabidi wewe uwape namba. Wape ile iliyosajiliwa kwa jina lako na uandike jina kama linavyotokea mtu akikutumia pesa. Mhasibu makini akiona jina lisilofanana na la oda anasimamisha malipo, na mara nyingi hakuna anayekuambia kwamba yamesimama. Hii ni sababu ya kawaida sana ya ucheleweshaji.

Kama ulimpa wakala au jirani taslimu akulipie kwa simu yake, pesa itarudi kwake. Mwambie mapema, kwa upole, aiangalie, umpe na tarehe. Ni vizuri hata kabla ya kurudisha bidhaa uwaandikie duka: "Naomba marejesho yaje kwenye namba hii badala ya ile iliyolipa." Wengine watakubali ukituma kitambulisho, wengine watakataa kabisa kwa sababu za usalama. Kukataa kwao si uonevu. Njia hiyo hutumiwa na wezi pia.

Nililipa kwa kadi. Je, ni tofauti?

Ni tofauti kwa muda. Pesa ya kadi inapita benki ya duka, kisha mtandao wa kadi, kisha benki yako, na siku 5 hadi 10 za kazi baada ya duka kutuma ni jambo la kawaida. Badala ya namba ya muamala ya simu, waombe namba inayoitwa ARN. Ina tarakimu 23, na benki yako inaweza kuitumia kutafuta pesa ilipo.

Ukiwa umefuta oda mapema, siku hiyohiyo au kesho yake, huenda duka halikuwa limechukua pesa bado, lilikuwa limeizuia tu. Hapo hutaona mstari wa pesa kuingia. Ule mstari wa kutoka utafutika wenyewe na salio litarudi lilivyokuwa. Wapo wanaosubiri pesa iingie mara ya pili wakati ilisharudi.

Kama ulinunua kwa dola, kiasi cha shilingi kinachorudi kinaweza kutofautiana kidogo na ulichokatwa, kwa sababu ya bei ya dola ya siku hiyo.

Kadi ina faida moja ambayo malipo ya simu hayana. Duka likikaa kimya, unaweza kwenda benki yako kuupinga muamala. Kwa kawaida kanuni za Visa na Mastercard hutoa siku 120, na benki itataka uonyeshe kwamba ulishajaribu na duka kwanza. Meseji zako ndizo ushahidi wenyewe. Usikubali kuzungushwa miezi mitano, ukienda benki utakuta mlango umefungwa.

Pesa imerudi pungufu. Ni halali?

Inategemea ni kosa la nani. Kama uliirudisha bidhaa nzima kwa sababu tu rangi hukuipenda, maduka mengi hubakiza gharama ya usafirishaji, na kama masharti yao yalisema hivyo kabla hujanunua, hoja yako ni dhaifu. Kama bidhaa ilifika imevunjika, au ni tofauti na uliyoagiza, dai pia usafirishaji wa kuja na nauli ya mzigo uliyolipa kuurudisha.

Yule dada wa Uyole aliandika meseji ya pili, fupi: "Asanteni, 180,000 nimeziona. Oda namba 48213 ilirudishwa kwa sababu bidhaa ilifika imevunjika. Bado 9,000 za usafirishaji. Naomba nazo zirejeshwe kwenye namba hiyohiyo, au mnionyeshe sharti linalozuia." Alikiri kwanza alichopokea, kisha akataja kilichobaki. Ukidai 189,000 nzima wakati 180,000 zimeshaingia, watakutumia uthibitisho wa 180,000 na kufunga suala, na zile 9,000 zitapotelea humo.

Mzigo wa kurudisha natuma kwa basi. Nitunze nini?

Risiti ya mzigo kutoka ofisi ya basi, yenye namba, tarehe na jina la mpokeaji. Piga picha kabla hujafunga boksi, na nyingine boksi likiwa limefungwa pale kaunta. Ukiwa Iringa unakabidhi Igumbilo, ukiwa Makambako au Mafinga unakabidhi kwa wakala wa basi kando ya barabara kuu, na hapo kando ya barabara ndipo watu wengi huacha bila risiti. Dai risiti hata kama basi linapiga honi. Duka likisema halijapokea, bila karatasi hiyo huna pa kuanzia, kwa sababu siku zao za kazi hazijaanza hata kuhesabiwa.

Nikaweka malalamiko kwenye ukurasa wao, sasa kuna mtu ananipigia anasema anatoka dukani. Nimwamini?

Usimwamini. Matapeli husoma malalamiko ya watu kwenye kurasa za maduka, wanaona umetaja kiasi na bidhaa, kisha wanakupigia wakiwa na habari zako zote. Atakwambia marejesho yako tayari, ila bonyeza hiki, weka namba ya siri, au tuma ada kidogo ya kufungulia. Ni ndugu wa wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii".

Kushika hili kunatosha: kupokea pesa kwenye simu hakuhitaji namba yako ya siri kamwe. Yeyote anayekuelekeza uiweke ili "upokee" anakutoa pesa. Namba za simu za matapeli hao zitume kwenda 15040. Na ukilalamika hadharani, andika namba ya oda pekee. Namba ya simu, kiasi na picha ya muamala vitume ndani, kwa njia rasmi iliyo kwenye tovuti au programu ya duka.

Niwaandikie kila siku?

Hapana. Kwenye mifumo mingi, meseji mpya inafungua suala jipya, na suala lako linagawanyika mikononi mwa watu watatu ambao kila mmoja anadhani mwenzake analishughulikia. Jibu kwenye mazungumzo yaleyale, baada ya tarehe uliyowapa kupita. Ukipiga simu, maliza kwa kuandika: "Kama tulivyoongea leo saa nne asubuhi, mmesema fedha itatumwa Ijumaa." Simu haiachi alama, maandishi yanaacha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi, kwa hiyo meseji za WhatsApp na barua pepe zina uzito. Usifute chochote, na ukibadilisha simu hamisha kwanza.

Tarehe niliyowapa imepita, kimya. Nini kinafuata?

Andika mara moja ya mwisho, ukiambatanisha meseji ya kwanza na kutaja unakoelekea: "Nisipopata fedha au jibu la maandishi hadi tarehe hii, nitawasilisha malalamiko Tume ya Ushindani." Kisha fanya ulivyosema. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia malalamiko ya walaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Wapelekee uthibitisho wa oda, risiti ya malipo, ahadi ya duka na meseji zako kwa mpangilio wa tarehe.

Kama namba ya muamala inaonyesha duka lilituma na aliyekwama ni benki au mtandao wa simu, lalamika kwao kwanza kwa maandishi. Wasipokutatulia, Benki Kuu ya Tanzania hupokea malalamiko dhidi ya watoa huduma za fedha, na ina tawi Mbeya mjini. Usiende Benki Kuu kulalamikia duka, watakurudisha.

Mahakama ya Mwanzo nayo husikiliza madai ya fedha kama haya na unaweza kujisimamia mwenyewe. Duka likiwa Dar es Salaam, muulize karani kabla ya kulipa ada kama shauri linaweza kupokelewa hapa. Kwa blenda huenda nauli na siku za kazi zikazidi dai lenyewe. Kwa friji au mashine ya kusaga, hesabu inabadilika.

Na kama "duka" ni ukurasa wa Instagram usio na anuani, usio na risiti, na sasa wamekuzuia usiwaandikie, hilo limeshavuka huduma kwa wateja. Chukua majina yaliyotokea ulipotuma pesa, picha za mazungumzo na namba ya muamala, uende polisi, na siku hiyohiyo uujulishe mtandao wako wa simu.

Laini iliyolipa ilipotea. Pesa itapotea nayo?

Kama ilisajiliwa kwa jina lako, rudisha namba ileile kwenye duka la mtandao wako wa simu ukiwa na kitambulisho cha NIDA. Pochi inafuata namba, haifuati kadi ya plastiki, na pesa iliyoingia utaikuta. Kama namba imeshafungwa kabisa au imepewa mtu mwingine, waandikie duka kabla hawajatuma, kwenye mazungumzo yaleyale ya oda, na uombe wathibitishe kwa maandishi namba mpya watakayotumia.